Saratani Isiyojulikana Ilikoanzia: Ushahidi wa Tezi ya Shingo na Tatizo la Neno 'Chanzo'

IKISIRI

Makala haya yanachunguza hali ambapo saratani hugunduliwa katika mwili wa mgonjwa ikiwa tayari imesambaa, ilhali kiungo ilikoanzia hakionekani. Mjadala umejikita katika uvimbe wa tezi za shingo, kwa kuwa hali hiyo ina mashiko ya pekee katika Bonde la Ufa la kati. Kwa kutumia mfano wa mgonjwa mmoja wa kubuni kutoka Molo, makala yanaeleza hatua anazofuata mwanapatholojia tangu kipande cha nyama kinapotiwa kwenye formalini hadi uamuzi unapoandikwa. Aidha, makala yanaonyesha kwamba neno 'chanzo', ambalo hutumiwa na wengi kuelezea ugonjwa huu kwa Kiswahili, lina utata unaoweza kumpotosha mgonjwa, na yanapendekeza njia ya kuuepuka.

1.0 UTANGULIZI

Kwa kawaida saratani hupewa jina la kiungo ilikoanzia. Saratani ya titi iliyosafiri hadi kwenye ini huendelea kuitwa saratani ya titi, kwa sababu seli zake zimebaki kuwa seli za titi zilizohamia ugenini. Jambo hili si la majina tu. Dawa huchaguliwa kwa kuzingatia asili ya seli. Mahali zilipokutwa ni suala la pili. Mgonjwa mwenye uvimbe wa ini uliotoka kwenye titi hutibiwa tofauti kabisa na mwenye uvimbe wa ini uliotoka kwenye utumbo mpana, ingawa picha za maini yao zinaweza kufanana.

Wapo hata hivyo wagonjwa ambao saratani yao hukutwa kwenye tezi, mfupa, ini au pafu, na kila dalili ikaonyesha kwamba haikuanzia hapo, lakini uchunguzi wa kawaida usipate ilikotoka. Makadirio yanayotajwa sana katika fani hii ni kwamba kundi hili ni asilimia 3 hadi 5 ya saratani zote. Uchunguzi wa maiti uliofanywa katika nchi mbalimbali kwa miongo kadhaa umeonyesha kuwa takriban robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa na uvimbe wa awali uliojificha, mara nyingi kwenye pafu au kongosho, na mara nyingi ukiwa mdogo sana. Kwa wengine haukupatikana hata baada ya kifo. Inadhaniwa kuwa katika baadhi yao uvimbe huo uliangamizwa na kinga ya mwili baada ya kutoa seli zilizosambaa.

2.0 UTATA WA NENO 'CHANZO'

Kabla ya kuingia maabara, ni muhimu kuliangalia neno lenyewe. Katika mazungumzo ya hospitalini, hali hii mara nyingi huelezwa kuwa ni 'saratani ambayo chanzo chake hakijulikani'. Neno 'chanzo' lina maana mbili zilizokaribiana. Kwa upande mmoja ni mahali kitu kinapoanzia, kama vile chanzo cha mto. Kwa upande mwingine ni sababu ya jambo kutokea, kama vile chanzo cha ugomvi au chanzo cha ajali. Mwanapatholojia hukusudia maana ya kwanza. Mgonjwa, ambaye swali lake kubwa ni kwa nini ameugua, husikia maana ya pili.

Tofauti hiyo ina madhara. Mtu akielezwa kwamba sababu ya ugonjwa wake haijulikani hata kwa madaktari, anaweza kuhitimisha kwamba hospitali imeshindwa, au kwamba tatizo lake si la hospitali. Huenda akaacha kurudi kuchukua majibu ya vipimo vilivyobaki. Kinyume chake, akielezwa kwamba saratani imeonekana lakini kiungo ilikoanzia bado kinatafutwa, anaelewa kwamba kuna kazi inayoendelea na kwamba yeye mwenyewe anaweza kuichangia kwa kutaja dalili ambazo hajaulizwa.

Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia maelezo 'saratani isiyojulikana ilikoanzia'. Maelezo hayo ni marefu kuliko istilahi ya neno moja au mawili, lakini kitenzi 'anzia', kwa kuwa na kiambishi cha kutendea, kinamlazimisha msikilizaji kufikiria mahali. Neno 'chimbuko' nalo lingefaa katika maandishi ya kitaaluma, ila si wazi kwa kila mgonjwa.

3.0 RAMANI YA SHINGO

Shingo ina tezi nyingi za limfu, na kila kundi la tezi hupokea majimaji kutoka eneo maalumu. Seli ya saratani inayong'oka kwenye kiungo husafiri na majimaji hayo na kunaswa kwenye tezi ya kwanza inayoikuta. Hivyo, mahali uvimbe ulipo ni kidokezo cha kwanza, nacho hupatikana bila mashine yoyote, kwa vidole vya mchunguzi tu.

Uvimbe ulio juu, karibu na pembe ya taya au chini ya sikio, huelekeza macho kwenye kinywa, mafindofindo, shina la ulimi na koromeo la juu, yaani ile sehemu iliyo nyuma ya pua na juu ya kaakaa. Uvimbe ulio chini kabisa, juu ya mfupa wa mtulinga, huelekeza chini zaidi: kwenye mapafu, umio, na hasa ukiwa upande wa kushoto, tumboni. Katika Bonde la Ufa kidokezo hiki cha pili kina uzito wake, kwa kuwa saratani ya umio ni ya kawaida sana kusini-magharibi mwa Nakuru, katika eneo la Bomet, ambako Hospitali ya Tenwek imeitibu kwa miaka mingi.

Ugumu ni kwamba si kila uvimbe wa shingo ni saratani. Kifua kikuu hushambulia tezi za shingo pia, na katika Kenya hilo ni jambo la kawaida. Mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kukisia, na wiki zikapita huku saratani ikikua. Kinachotenganisha magonjwa haya mawili ni sampuli. Kwa hiyo sindano nyembamba hutumiwa kufyonza seli kutoka kwenye tezi. Sehemu ya sampuli hupimwa vimelea vya kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert, na sehemu nyingine hupakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini.

4.0 MFANO: MKULIMA WA MOLO

Mfano ufuatao haumhusu mtu yeyote mahususi. Umetungwa kwa kufuata mkondo ambao ugonjwa huu huchukua.

Mwanamume wa miaka 41, mkulima wa viazi karibu na Molo, ana uvimbe chini ya sikio la kushoto. Una upana wa sentimita 4, ni mgumu na hauumi. Ameutazama ukikua kwa miezi mitano, na kwa miwili kati ya hiyo amekuwa akimeza dawa za kifua kikuu bila nafuu. Anafika Nakuru, katika hospitali kuu ya kaunti ambayo wakazi wengi bado huiita PGH. Kipimo cha vimelea hakionyeshi kifua kikuu. Seli zilizofyonzwa ni kubwa, zina viini vikubwa, na ni dhahiri kuwa ni za saratani. Lakini ni chache mno kuweza kusema ni saratani ya aina gani. Inaamuliwa kwamba kitolewe kipande cha nyama kwa sindano nene. Kuipasua shingo moja kwa moja hakupendekezwi katika hatua hii, kwa sababu kovu na uvurugikaji wa tishu vinaweza kutatiza matibabu ya baadaye.

4.1 Kipande cha nyama na karatasi inayokiandama

Kazi ya mwanapatholojia inaweza kuharibika kabla hajakiona kipande hicho. Nyama iliyotolewa mwilini huanza kuoza mara moja, na protini zake hupotea. Inatakiwa kutumbukizwa upesi kwenye formalini, kwa kiasi cha takriban mara kumi ya ukubwa wake, na kukaa humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Ikitiwa kwenye chumvichumvi au ikaachwa kavu kwa saa kadhaa, rangi zitakazotumika baadaye zinaweza kutoa majibu ya uongo: protini iliyokuwepo itaonekana kana kwamba haikuwepo.

Uharibifu mwingine hutokea kwenye karatasi ya maombi. Kama karatasi hiyo imeandikwa 'uvimbe wa shingo' pekee, mwanapatholojia ananyimwa nusu ya ushahidi. Katika mfano huu, hakuna aliyemuuliza mkulima kuhusu sikio wala pua, kwa kuwa kila mtu alikuwa akitazama shingo. Mwanapatholojia anapopiga simu wodini na kuomba aulizwe, mkulima anasema kuwa sikio lake la kushoto limeziba tangu kabla ya uvimbe kutokea, na kwamba asubuhi akikohoa hutema kohozi lenye alama za damu. Hakuyataja kwa sababu aliyaona ni madogo yasiyohusiana na shingo.

4.2 Swali la kwanza: ni jamii gani ya seli?

Kipande hutiwa ndani ya nta iliyoyeyushwa, nta ikaganda, kisha hukatwa vipande vyembamba vya unene wa mikroni 3 hadi 5. Rangi mbili hutumika kwanza: hematoksilini, inayovipaka viini vya seli rangi ya buluu, na eosini, inayopaka sehemu nyingine waridi. Chini ya hadubini, mwanapatholojia anaona mafungu ya seli kubwa zisizo na umbo la kiungo chochote, zimezungukwa na limfositi nyingi ndogo.

Picha hiyo inaweza kuwa ya magonjwa matatu tofauti. Inaweza kuwa limfoma, yaani saratani ya seli za limfu zenyewe, ambayo haikusafiri kutoka popote na hutibiwa hasa kwa tibakemikali. Inaweza kuwa melanoma. Au inaweza kuwa kasinoma, saratani ya seli zinazofunika na kutanda viungo. Macho peke yake hayawezi kuamua.

Hapa ndipo kingamwili zinapotumika. Kila jamii ya seli hubeba protini zake, kama watu wa ukoo mmoja wanavyobeba jina moja. Kingamwili iliyotengenezwa kushika protini fulani humwagwa juu ya kipande, na pale inaposhika, rangi ya kahawia hutokea. Mwanapatholojia mwenye busara haombi kingamwili ishirini kwa mara moja, kwa kuwa kipande ni chembamba na huisha kwa kukatwa. Anaanza na tatu: CD45 kwa seli za limfu, SOX10 kwa melanoma, na keratini kwa kasinoma. Katika mfano huu, CD45 inashika limfositi ndogo zilizo pembeni lakini inaziacha seli kubwa. SOX10 haishiki kitu. Keratini inazishika seli kubwa zote kwa nguvu. Jibu la kwanza limepatikana: ni kasinoma iliyosafiri hadi kwenye tezi. Limfositi ni wenyeji tu.

4.3 Swali la pili: ni kasinoma ya aina gani?

Kasinoma nazo zina matawi. Iwapo seli zingekuwa zinaunda vifuko na kutoa ute, zingeitwa adenokasinoma, na msako ungefuata njia nyingine: TTF-1 kwa pafu, CDX2 kwa utumbo, GATA3 kwa titi, PSA kwa tezi dume. Seli za mkulima haziundi vifuko. Mwanapatholojia anaomba p40, ambayo hushika viini vya seli bapa, zile zinazotanda kinywa, koo, umio na ngozi. Viini vinakuwa kahawia.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Kingamwili ya p40 inathibitisha kwamba hii ni saratani ya seli bapa, lakini haisemi ni ya kiungo gani. Seli bapa ya umio, ya ulimi, ya pafu na ya koromeo la juu zote hutoa rangi ileile. Ripoti ikiishia hapa, mkulima ataingia katika kundi la wasiojulikana ilikoanzia.

5.0 KIDOKEZO KUTOKA AFRIKA MASHARIKI

Kidokezo kinachovunja mkwamo huo kina historia katika ukanda huu. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Uganda, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya ya watoto wa Kiafrika. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake mjini London walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli za uvimbe huo, zilizopelekwa kutoka Uganda. Virusi hivyo vikaitwa Epstein-Barr.

Katika miaka hiyohiyo, Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo aliyefanya kazi Nairobi, alikuwa akichapisha maandishi kuhusu saratani ya koromeo la juu nchini Kenya. Alibainisha kwamba ilijitokeza zaidi miongoni mwa wakazi wa nyanda za juu, na akapendekeza kwamba moshi wa kuni katika nyumba zisizo na dohani huenda ulichangia. Pendekezo hilo lilikuwa dhana ya kuchunguzwa, halikuwa uthibitisho. Hata hivyo, mwaka 1970 Clifford alikuwa mmoja wa waandishi wa utafiti ulioongozwa na Harald zur Hausen, ulioonyesha kwamba chembe za urithi za virusi vya Epstein-Barr zimo ndani ya vipande vya uvimbe wa Burkitt na vya saratani ya koromeo la juu.

Kipimo cha leo kinatokana na ugunduzi huo. Virusi hivi vikiishi ndani ya seli hutoa molekuli ndogo za RNA ziitwazo EBER, kwa wingi mno: zinaweza kufikia milioni katika seli moja. Kipande cha kemikali kinachooana na EBER humwagwa juu ya nyama, kikashikamana nazo, na kiini cha seli kikabadilika rangi. Kupima damu hakutoshi, kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wamewahi kuambukizwa virusi hivi na hubeba kingamwili zake bila ugonjwa. Linaloulizwa ni kama virusi vimo ndani ya viini vya seli za saratani zenyewe.

Katika kipande cha mkulima wa Molo, karibu viini vyote vya seli kubwa vinapokea rangi, na limfositi za pembeni zinabaki tupu. Tezi ya shingo sasa inasema ilikotumwa. Sikio lililoziba nalo linapata maelezo: mfereji unaounganisha sikio la kati na koo hufungukia kwenye koromeo la juu, na uvimbe mdogo hapo huuziba. Daktari anapoingiza kamera nyembamba puani, haoni uvimbe wa wazi. Anaona tu kwamba kishimo kilicho nyuma ya mdomo wa mfereji huo, upande wa kushoto, kimejaa kidogo kuliko cha kulia. Anachukua vipande kutoka hapo. Kimoja kina seli zilezile.

"Mzee," daktari anamweleza, "ugonjwa ulianzia nyuma ya pua, ukashuka shingoni. Ndiyo maana sikio lilikuwa la kwanza kukusumbua."

Tofauti ya matibabu ni kubwa. Kuondoa tezi ya shingo kwa kisu kungeacha mzizi palepale. Saratani hii huitikia vyema tibamionzi, na eneo la kulengwa ni koromeo la juu pamoja na pande zote mbili za shingo, kwa takriban wiki saba, kwa kawaida pamoja na dawa ya sisplatini. Hata kama vipande vya kutoka puani visingeonyesha kitu, toleo la nane la mfumo wa Marekani wa kupanga hatua za saratani, lililochapishwa mwaka 2017, linaelekeza kwamba tezi ya shingo yenye kasinoma na EBER ihesabiwe kuwa saratani ya koromeo la juu.

6.0 MIPAKA YA USHAHIDI

Itakuwa kosa kudhani kwamba EBER hufumbua kila fumbo. Kwanza, RNA huharibika kwa urahisi kuliko protini. Kipande kilichochelewa kutiwa formalini kinaweza kutoa jibu la kutokuwepo kwa EBER ilhali zilikuwepo. Ndiyo maana maabara makini hupima kando RNA ya kawaida ambayo kila seli inayo; hiyo ikikosekana, jibu la EBER halina thamani na halipaswi kuandikwa kuwa hasi.

Pili, virusi hivi hupatikana katika baadhi ya limfoma na katika sehemu ndogo ya saratani za tumbo. Kwa hiyo EBER huaminika pale tu maswali ya awali yamejibiwa kwa mpangilio: kwanza kasinoma, kisha seli bapa, kisha shingo ya juu. Anayeruka hatua anaweza kuiita limfoma saratani ya pua.

Tatu, EBER isipoonekana, msako huendelea. Kipimo cha p16 huombwa, kwa sababu saratani za mafindofindo na shina la ulimi zinazosababishwa na virusi vya papiloma huionyesha katika angalau asilimia 70 ya seli. Uvimbe ukiwa chini ya shingo, umio huangaliwa kwa kamera hata kama mgonjwa anameza chakula bila shida. Hatua zote hizo zikiisha bila jibu, mwanapatholojia huandika kwa uaminifu kwamba kiungo ilikoanzia hakikupatikana, na kutaja alichokitenga: si limfoma, si melanoma, haina EBER, haina p16. Orodha hiyo ya makanusho ina thamani kwa anayetibu, kwa kuwa inampunguzia njia za kupotea.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba kutojulikana kwa kiungo cha mwanzo hakutokani na sababu moja. Wakati mwingine uvimbe ni mdogo usioonekana. Wakati mwingine nyama imeharibika. Na wakati mwingine, kama ilivyokaribia kutokea kwa mkulima wa Molo, habari iliyohitajika ilikuwa mdomoni mwa mgonjwa, lakini swali halikuulizwa. Kwa wanaoshughulikia istilahi za tiba, inapendekezwa kwamba maelezo 'isiyojulikana ilikoanzia' yatumike badala ya 'isiyojulikana chanzo' katika fomu na maelezo kwa wagonjwa. Fomu ya kuombea kipimo ya Kiswahili, iwapo itaandaliwa, haina budi kuwa na nafasi ya kuandika upande wa uvimbe, urefu wake kutoka kwenye mtulinga, na dalili za sikio, pua na kumeza. Nafasi hizo tatu zisipojazwa, kipande cha nyama hufika maabara kikiwa hakina mwenyewe.